Nalianya na Sanduku Lisilochungulia Nje

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Muulize yeyote mtaani Jericho, atakwambia Mama Mitchelle ulimi wake hauna breki. Kwa hiyo nikikaa chini nikaanza kumsimulia Zedekiah Nalianya, usidhani nimelipwa. Huyo mtu nilimkasirikia mpaka nikaacha kumwamkia, na nyumba zetu zilikuwa zimepakana ukuta kwa ukuta. Akikohoa kwake, sisi huku tunamwambia pole.

Alizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli. Babake alitoka Bungoma akaajiriwa kuwa gadi wa gari la moshi la mizigo, yule anayekaa kwenye behewa la mwisho. Shule zikifungwa, mzee alikuwa akimchukua Zedekiah safari za karibu. Behewa lilikuwa na dirisha dogo, na vumbi likizidi mzee alilifunga. Basi wanabaki gizani, na mzee anamuuliza, "Haya, tuko wapi sasa?" Zedekiah anasikilizia mwili wake: gari lilimvuta nyuma lilipoondoka, likamwegemeza kulia kwenye kona, likamsukuma mbele lilipopiga breki. Anahesabu moyoni, anasema, "Athi River." Mzee anafungua dirisha. Kweli, Athi River.

Hadithi hiyo aliipenda kupita kiasi. Nimeisikia sebuleni kwangu mara nyingi kuliko Baba Yetu. Kila mtu akimuuliza kazi yake ni nini pale uwanja wa ndege Embakasi, anaanza na behewa.

Kazi yake alikuwa fundi wa vyombo vya ndege katika kampuni moja ya mizigo, yenye jeti kuukuu tatu nne hivi, zile zinazopiga kelele mpaka Donholm wanaziba masikio. Mume wangu Walter Ondiek alikuwa injinia wa safarini kwenye ndege hizo hizo, anakaa nyuma ya marubani akichunga injini na mafuta. Mimi nilikuwa chumba cha redio cha kampuni, naongea na ndege zikiwa mbali. Kwa hiyo tulitoka Jericho watatu asubuhi, tukarudi Jericho watatu jioni, isipokuwa siku ambazo Walter alikuwa hewani. Siku hizo Baba Ayuma, ndivyo tulivyomwita Nalianya kwa jina la bintiye, alikuwa akinisindikiza mpaka mlangoni na kuniambia, "Shemeji yuko salama. Nimemfungia sanduku zuri."

Hilo sanduku ndilo habari yenyewe, kwa hiyo acha nilieleze alivyonieleza yeye, akiwa amekunja nne na kikombe changu cha chai mkononi.

Ndani yake mna vifaa vya aina mbili. Kuna vinavyosikia msukumo: ndege ikiongeza mwendo, ikipunguza, ikisukumwa kando, vinasikia, kama vile mgongo wako unavyosikia kiti. Halafu kuna jairo, zinazosikia kugeuka: pua ikielekea huku, bawa likiinama kule. Sanduku linachukua kila msukumo, na jairo zinaliambia msukumo huo ulielekea wapi. Linaondoa mvuto wa dunia ambao upo daima, kinachobaki linakijumlisha, linapata mwendo. Linajumlisha tena mwendo, linapata umbali. Basi. Halisikilizi redio yoyote, halitazami nyota, halimuulizi mtu njia. Limefungwa gizani kama mtoto wa gadi ndani ya behewa, na bado linajua liko wapi.

"Sasa likikosea kidogo?" nilimuuliza.

"Linakosea kila siku. Kosa dogo la msukumo linajumlishwa na kujumlishwa. Kila saa linapotea kidogo, maili moja hivi, mbili. Hiyo tunaijua, tunaipima ndege ikirudi. Ikizidi, natoa sanduku naweka lingine."

"Na linaanzaje kujua liko wapi?"

Hapo alikuwa akiinua kidole, mtu wa kanisa huyu, mzee wa Quaker. "Hapo ndipo penye utamu, Mama Mitchelle. Kabla ya safari ndege lazima itulie kabisa. Hakuna kuivuta, hakuna kuisukuma. Sanduku linasikilizia. Dunia inazunguka, na jairo zinausikia mzunguko huo. Zikishausikia, zinajua kaskazini ni wapi. Zinajua hata uko mbali kiasi gani na ikweta, maana mzunguko huo unasikika tofauti ukiwa ikweta na tofauti ukienda kaskazini. Hiyo ni latitudo. Ukilidanganya latitudo, linakukatalia. Lakini longitudo, mashariki na magharibi? Haliijui. Dunia inazunguka vile vile Eldoret na vile vile Nairobi. Hiyo lazima mtu aliambie, na lenyewe litamwamini."

"Hata akidanganya?"

"Kama linakumbuka liliegeshwa wapi mara ya mwisho, litabisha kwanza. Litawasha taa. Ukirudia namba ile ile, linasema sawa, wewe ndiye mkubwa."

Nilicheka siku hiyo. Nilisema ni kama mume mpole. Sikujua nilikuwa nacheka nini.

Mwaka wa tisini na nane kampuni ilikuwa imeanza kutumia uwanja mpya wa Eldoret, na Nalianya alipelekwa huko kwa muda mrefu kuanzisha karakana. Kila asubuhi anapanda ndege, anaandika namba za Eldoret: longitudo digrii thelathini na tano. Thelathini na tano, thelathini na tano, mpaka vidole vikazoea. Nairobi ni thelathini na sita. Alirudi kwetu amenenepa kidogo kwa maziwa ya kule, na Jecinta, mkewe, akamtania kwamba ameoa tena.

Asubuhi moja ndege ya Walter ilikuwa iende kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kwenye mji ulioko nyanda za juu katikati ya milima. Jana yake Nalianya alikuwa ametoa moja ya masanduku mawili ya ndege hiyo, lililozidisha kosa, na kuweka lingine lililotoka ndege nyingine. Marubani walichelewa kwenye karatasi za forodha. Kanuni ni kwamba rubani mmoja anaandika namba na mwenzake anazihakiki, lakini pale kwetu kulikuwa na mazoea: kama wamechelewa, fundi anaandika, wao wakifika wanakuta tayari. Kila mtu alijua, hakuna aliyeona shida. Nalianya akaandika latitudo ya Nairobi, sawasawa. Akaandika longitudo. Taa ikawaka.

Hakushtuka. Sanduku likitoka ndege nyingine huwa linakumbuka mahali pengine, kwa hiyo taa ni kawaida. Aliitarajia. Akarudia namba zile zile, na masanduku yote mawili yakakubali, hata lile la zamani lililokuwa likibisha kwa haki. Kepteni Wehliye akapanda, akatazama, akaona masanduku mawili yanasema kitu kimoja, akaridhika. Walter akanipungia mkono kutoka ngazini. Wakaruka.

Karibu saa moja baadaye Nalianya alikuwa kwenye ndege nyingine, akiiandaa. Hiyo haikuwa imebadilishwa kitu. Ililala pale pale usiku kucha, inakumbuka vizuri kabisa iko wapi. Akaandika namba. Taa ikawaka.

Aliniambia baadaye kwamba alikaa akiitazama ile taa kama mtu anayeitwa jina na asiyetaka kuitika. Haikuwa na sababu ya kuwaka. Akateremsha macho kwenye kile alichoandika. Thelathini na tano.

Mimi nilimwona kutoka dirishani. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, anakimbia katika uwanja wa ndege ambako kukimbia ni marufuku, ameacha kofia imeanguka nyuma yake. Nikasema, wololo, huyu amepatwa na nini? Akaingia chumba cha redio bila kubisha hodi. Nyuma yake alikuja Opicho, mkuu wa karakana, mtu wa kwao Bungoma, aliyemwona akipita mbio.

"Ndege ya Walter. Wameanza kushuka?" Nalianya aliniuliza. 

"Bado. Wamesema wako karibu. Kuna nini?"

Akanieleza kwa maneno machache. Wakitoka Nairobi, rada iliwaongoza mpaka wakatoka nje ya uwezo wake. Kinara cha redio cha kule kaskazini, kile kinachoelekeza ndege, kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo, mawingu yamefunika kila kitu, na kwa hiyo tangu wakati huo walikuwa wanafuata masanduku peke yake. Masanduku yalianza safari yakiamini yako digrii moja magharibi ya mahali yalipokuwa. Kwa hiyo ndege ilikuwa maili sitini za anga mashariki ya njia yake, kama kilomita mia na kumi. Mahali ambapo Kepteni angedhani anashuka bondeni, chini yake kungekuwa na milima, ndani ya mawingu.

Sitaficha. Nilimtazama huyo mtu aliyekunywa chai yangu miaka yote hiyo na nikataka kumrarua. "Umemuua mume wangu," nilimwambia. "Wewe! Umemuua Walter!"

"Nipe redio," alisema.

Opicho akamshika mkono. Hakuwa mtu mbaya, Opicho. Alikuwa anamwonea huruma mtu wa nyumbani. "Ndugu yangu, ngoja. Hiyo redio inasikika kila mahali, hata ofisi kuu wanasikiliza. Waambie tu masanduku yana hitilafu, wasiyafuate, wabaki juu. Watasalimika na wewe utasalimika. Usijitie kitanzi."

Na mimi, nakwambia kweli, sikujali angesema nini. Ningefurahi aseme lolote mradi awahi.

Nalianya akatikisa kichwa. "Nikisema yameharibika, watajua wamepotea. Hawatajua wamepotea wapi. Watageuka upande gani? Wanaweza kuamini moja na kuacha lingine, wanaweza kuyazima. Na mafuta yao yana kikomo." Akauondoa mkono wa Opicho taratibu. "Kosa langu lina kipimo, Opicho. Nikilificha, na kipimo kinapotea."

Nikampa kipaza sauti.

"Kepteni, ni Nalianya, fundi. Usishuke. Narudia, usishuke. Nisomee longitudo yako."

Kelele za redio, halafu sauti ya Wehliye, tulivu kama kawaida yake. Akasoma.

"Kepteni, ongeza digrii moja. Uko maili sitini mashariki ya unapodhani uko."

Wehliye akajibu: "Fundi, masanduku yote mawili yanasema kitu kimoja."

"Yanasema kitu kimoja kwa sababu mimi niliyaambia kitu kimoja. Nilikosea. Nairobi ni thelathini na sita, mimi niliandika thelathini na tano. Taa iliwaka, nikarudia. Kosa ni langu, si la sanduku. Masanduku ni mazima."

"Kosa linaongezeka tukienda?"

"Haliongezeki. Ni digrii ile ile tangu mlipoanza. Jairo zikiwa mbovu ndipo lingekua. Usiyazime, Kepteni. Ukiyazima hewani huwezi kuyaanzisha tena, yanahitaji utulivu. Yaache yahesabu, wewe ongeza moja tu. Geuka magharibi, baki juu."

Wehliye hakujibu mara moja. Nilimwelewa. Vyombo viwili vinakubaliana mbele ya macho yake, na huku fundi mmoja aliye mbali anamwambia asiviamini. Nalianya alikuwa amefumba macho. Nikajua anasali, nami nikasali, ingawa nilikuwa bado nataka kumrarua.

Iliyokuja baadaye haikuwa sauti ya Kepteni. Ilikuwa ya Walter. Wakati mwingine walimwacha aongee na mimi, si sheria, lakini walimwacha.

"Rose," alisema. "Mawingu yamepasuka kidogo. Naona ziwa, liko kushoto kwetu. Kwa ramani lilipaswa kuwa kulia."

Kisha Wehliye: "Tunageuka magharibi. Tunaongeza digrii moja. Asante, fundi."

Nalianya akakiweka kipaza sauti mezani, akakaa sakafuni na kuegemea ukuta. Sikumpa maji. Opicho ndiye aliyempa.

Walitua. Walter alirudi nyumbani kesho yake akiwa na kahawa ya kule ndani ya mfuko, kama mtu aliyekwenda sokoni. Nilimshika mpaka akaniambia namvunja mbavu.

Sasa kampuni ikaunda kikao. Wehliye alikwenda akasema na yeye ana kosa, kwamba kuhakiki namba kulikuwa kazi yake na akaridhika kwa kutazama tu. Alipewa onyo. Opicho alisema mazoea yale yalikuwa ya kila mtu. Ni kweli pia. Lakini kikao kilitaka jina moja, na wakaniita mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa redioni na kazi yangu ni kusema kilichosemwa.

Siku hiyo ndipo tulipoonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu lile tukio. Nilikuwa simwamkii. Mlangoni kwetu Jericho nilikuwa namwona anakuja, nageuza uso natazama kamba ya nguo. Jecinta alinijia akilia, nikamwambia, "Mama Ayuma, wewe sina neno na wewe. Huyo mumeo simtaki machoni pangu." Kwa sababu kila nikimwona, namwona Walter ndani ya wingu na mlima mbele yake. Hasira hiyo ilikuwa haki yangu na siiombei msamaha.

Kwenye benchi nje ya kikao tulikaa sisi wawili. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Nilikuwa nimefikiria usiku mzima. Ningeweza kusema redio ilikuwa na kelele, sikusikia vizuri. Kelele zilikuwepo. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekuwa nikitafuta namna ya kumwokoa mtu ambaye simwamkii. Nikakasirika zaidi.

"Baba Ayuma," nilisema bila kumtazama. "Unataka niseme nini humo ndani?"

Alishangaa kwanza kwamba nimeongea. Kisha akasema, "Sema ulichosikia, Mama Mitchelle."

"Watakufukuza. Watakunyang'anya leseni."

"Najua. Nilijua nikiwa bado nakimbia."

"Na Ayuma yuko kidato cha tatu."

Alitazama viatu vyake. "Sema ulichosikia," alisema tena. "Wakiambiwa sanduku lilikosea, watabadilisha sanduku. Kesho mwingine ataandika peke yake, taa itawaka, na atarudia."

Nikaingia. Nikasimama mbele ya wale mabwana na nikasema maneno yake jinsi alivyoyasema: niliandika thelathini na tano, taa iliwaka, nikarudia, kosa ni langu. Nilisema mwenyewe, kwa kinywa changu, na kila neno lilikuwa linamwondolea mkate mtu ambaye bila maneno hayo ningekuwa mjane. Waliniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema ndiyo. Nikasema, "Mume wangu yuko nyumbani amelala, nimemwacha anakoroma. Andikeni na hilo." Mmoja wao alinitazama kama mtu mwenye wazimu. Sijui kama waliliandika.

Walimfukuza. Leseni ikachukuliwa. Mazoea yale nayo yakafa siku ile ile: tangu hapo hakuna anayeandika peke yake. Mmoja anaandika, wa pili anasoma kwa sauti, na taa ikiwaka wanasimama wote wawili wanaulizana kwa nini. Vijana wanaokuja sasa wanafanya hivyo bila kujua ilianzaje.

Nalianya alifungua kibanda pale soko la Jericho, anatengeneza redio na pasi. Ayuma alimaliza shule. Walihangaika, lakini alimaliza. Mimi nilianza kumwamkia tena siku ambayo sikumbuki. Nilijikuta tu nimesema "Habari ya asubuhi, Baba Ayuma," naye akajibu kana kwamba hatukuacha. Chai hakurudi kunywa kwangu kwa muda mrefu. Aliporudi, hadithi ya behewa hakuisimulia tena, na nilimwomba mwenyewe aisimulie, nikasikiliza mpaka mwisho.

Walter bado anaruka. Akirudi kutoka safari, gari la kampuni linamshusha barabarani, na kutoka pale mpaka nyumbani si mbali hata kidogo. Lakini haji moja kwa moja. Anapitia sokoni na begi lake, anakaa kwenye kigoda cha kibanda kile. Mmoja anachomelea waya za redio ya mtu, mwingine anatazama. Chakula kinapoa mezani na mimi niko mlangoni, na wewe unaijua hasira yangu.

Akifika namwekea maji ya kunawa. Simuulizi kwa nini amechelewa.